Mbegu 3,000 zilikufa kabla sijapima matope

Nimechoka kusikia watu wa pwani wakiambiwa, "Pandeni mikoko mbele kabisa, pale mawimbi yanapopiga." Sisi tuliambiwa hivyo mwaka 2017, kikundi chetu cha akina mama, huku Kwale, na mgeni aliyekaa nasi siku mbili akaondoka. Tulimsikiliza kwa sababu tulikuwa na hofu. Ufuo wetu ulikuwa unaliwa. Minazi miwili ya shangazi yangu ilikuwa imeshaanguka majini, na mbele ya nyumba za chini kulikuwa na matope matupu, mahali ambapo mama alipokuwa msichana palikuwa na msitu.

Tukaokota mbegu za mkoko, zile ndefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Maji ya bamvua yalipopwa tukashuka hadi mwisho wa matope, tukafunga kamba, tukachomeka mbegu 3,000 kwa mistari iliyonyooka. Mwezi wa pili zilitoa majani mawili mawili ya kijani kinachong'aa. Nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kuzitazama tu.

Mwezi wa nne niliona vidoa vyeupe kwenye mashina. Nikadhani ni chumvi. Nilipokwaruza kwa ukucha, kidole kilitoka damu: vilikuwa vile vidude vyenye gamba gumu kama jino, vinavyogandia kwenye ngalawa iliyokaa majini muda mrefu. Baada ya wiki chache kila mche ulikuwa umevaa gamba kuanzia chini hadi kwenye majani. Tulivibandua kwa visu, mche mmoja mmoja, na vikarudi. Kisha kusi likaingia. Mche uliobeba uzito ule haukupinda na wimbi, ulivunjika. Mwaka ulipoisha nilihesabu mikoko 38. Tukapanda tena, safari hii kila mche ukiwa umefungwa kwenye kijiti, na tukapoteza tena, vijiti na vyote.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza dema pale ufuoni. Aliniambia, "Mwanangu, pale mbele si pa mkoko, ni pa ndugu yake, mlilana. Na siku hizi hata mlilana hauwezi kukaa pale. Matope yameshuka." Nikamuuliza, "Yameshuka kiasi gani, Mzee?" Akacheka. "Hilo kapime wewe."

Nikaenda kupima kweli. Mdogo wangu ni fundi wa ujenzi, na ana ule mpira mrefu unaoonyesha ndani, ambao mafundi huujaza maji ili kupata usawa wa msingi. Maji yaliyomo husimama kimo kimoja ncha zote mbili, hata kama kati yenu kuna shimo. Tulikwenda nao siku ya bamvua, maji yalipokuwa mbali. Mara ya kwanza hatukuona kitu, maana mpira ulichafuka matope na maji meupe hayakuonekana. Nikarudi nyumbani, nikaleta chai ya rangi iliyolala kwenye birika, tukaijaza humo. Hapo mstari ulionekana vizuri. Kama una mpira huo, upigepige kwanza mpaka mapovu yote yatoke, kwa sababu povu moja tu linakudanganya.

Mdogo wangu alisimama kwenye shina la mlilana wa mwisho upande wa bahari, mti mzima wenye afya. Mimi nilisimama na fito iliyopigwa alama, pale miche yetu ilipofia. Tulihamisha mpira mara tatu. Jibu lilikuwa sentimita 40, shibiri mbili: matope yetu yalikuwa chini kiasi hicho kuliko mti wa chini kabisa uliokuwa hai.

Shibiri mbili zinaonekana kidogo, lakini zinamwongezea mche muda wa kuwa chini ya maji kila siku. Miti hii yote huishi katika nusu ya juu ya safari ya maji, kuanzia kimo cha kati cha bahari hadi pale bamvua kubwa linapofika. Chini ya hapo mche haupati muda wa kutosha wa kupumua. Na vile vidude vyenye gamba hula vikiwa majini tu, kwa hiyo pale vinaponenepa, ujue mche wako umekaa majini kupita kiasi. Laiti ningelijua hilo, ningeliacha mapema.

Basi tukafanya mambo mawili. Mbegu za mkoko tukazirudisha nyuma ya milalana iliyobaki, kwenye mapengo yaliyokatwa zamani. Huko zimeshika, nyingi sasa zimenipita kimo na zimetoa mizizi ile inayosimama kama miguu ya buibui. Mbele hatukupanda chochote. Tulisimamisha uzio wa fito za mivinje, safu mbili zilizoachana hatua moja, katikati tukajaza matawi yaliyofungwa kwa kamba. Fito zilitugharimu kama elfu ishirini na kitu, matawi ya bure. Uzio haukuzuia maji, ulipaswa kuyapunguzia mbio tu, ili matope yanayoelea yatue nyuma yake. Tuliacha milango maji yatoke, kwa sababu yakituama yanaua pia. Kusi la kwanza lilizoa karibu matawi yote, tukajaza upya. Usitarajie uzio ukae bila kutazamwa.

Baada ya miaka miwili na nusu, matope nyuma ya uzio yalikuwa yamepanda shibiri moja na vidole vitatu, na karibu na milalana ya zamani yamepanda zaidi. Hapo ndipo miche ya mlilana ilipoanza kuota yenyewe, kutokana na mbegu ndogo za yale matunda ya mviringo yanayoelea. Hatukupanda hata mmoja.

Kuhusu mawimbi nilitaka kuona kwa macho yangu. Siku moja ya kusi maji yakijaa, nilichomeka fito mbili zenye alama, moja mbele ya msitu na nyingine hatua sitini ndani, pale penye mikoko minene. Mbele, maji yalikuwa yakipanda na kushuka kiasi cha goti. Ndani, hayakufika nusu ya hapo. Wataalamu waliopima nchi mbalimbali wanasema mita 100 za msitu hupunguza kimo cha wimbi kati ya asilimia 13 na 66. Tofauti hiyo kubwa inatokana na mizizi na matawi: maji yakiwa kwenye mizizi wimbi linachoka haraka, yakipita juu ya mizizi na kabla ya kufika kwenye majani linapenya kati ya mashina kirahisi. Kwa hiyo mistari miwili ya miti haitamlinda mtu na dhoruba. Nasi nyumba mbili za chini tumezihamisha, hatukungoja miti.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye ngalawa ya shemeji yangu maji yakiwa yamejaa, tukaisukuma taratibu hadi kwenye mikoko ile ya nyuma. Kati ya mizizi kulikuwa na visamaki vya chafi, vidogo kuliko kidole changu cha mwisho, mamia, vyote vimeelekeza vichwa upande mmoja, na kamba wachanga unaowaona kwa macho yao meusi tu kwa sababu mwili ni kama maji. Nje ya mizizi, hatua tatu tu, kolekole mmoja alikuwa akizunguka. Mizizi imebanana, hawezi kuingia. Maji yakianza kupwa, wadogo wale hutoka naye huwangoja, na wengi wao huliwa. Shemeji alinyosha mkono kuchukua wavu. Nikamshika mkono, akauacha.