Imeili ya maneno kama mia na kumi niliyomwandikia wakala wa forodha nisiyemjua

Kila aliyenishauri jinsi ya kuingia kwenye uwakala wa forodha aliniambia mambo mawili: tuma kwa watu wengi kadiri uwezavyo, mmoja hakosi kujibu, na usisahau kuambatanisha wasifu, maana huwezi jua. Yote mawili ni ushauri mbaya, na naandika haya kwa sababu bado unasambazwa.

Mimi ni karani wa stoo katika duka la vipuri Kariakoo. Kontena letu likitoka bandarini, mimi ndiye ninayelinganisha mzigo na nyaraka. Nilitaka kuhamia upande wa pili, kwa watu wanaotoa mzigo, hasa mizigo ya transiti inayopita Tunduma kwenda Zambia. Sikuwa na ndugu wala rafiki katika kazi hiyo. Nilichohitaji ni mtu mmoja anayeifanya kila siku anieleze kwa dakika chache pa kuanzia.

Majina ya kampuni hayakunisumbua. TRA huweka orodha ya mawakala wenye leseni, na tovuti nyingi za kampuni zina anwani ya ofisi. Usumbufu ulianza nilipoandika.

Barua ya kwanza ilikuwa na maneno karibu mia nne. Ilifunguliwa kwa "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema, dhumuni la kukuandikia ni", ikasimulia shule niliyosoma, ikaeleza bidii yangu, ikaishia na "naomba unisaidie kwa namna yoyote". Wasifu wa kurasa tatu uliambatanishwa. Niliweka anwani ishirini na kitu kwenye BCC, nyingi zikianza na info@, nikatuma tarehe 26 Juni. Majibu yalikuwa mawili, na yote yalisema kitu kimoja: hatuna nafasi za kazi kwa sasa.

Nimeirudia barua ile mara nyingi, na sasa naweza kuonyesha kila sehemu ilipokatika. Wasifu ndio ulioiua. Mtu akiona faili la PDF lenye jina la mtu, hasomi swali. Anajua ni maombi ya kazi, na maombi ya kazi yana njia yake: yanapelekwa kwa anayehusika na ajira, naye ana jibu moja. Kule BCC nako, mpokeaji hakuliona jina lake popote, akajua hakuandikiwa yeye. Na "kwa namna yoyote" ilimwachia mgeni kazi ya kufikiria anisaidie nini. Mwenye shughuli nyingi akiachiwa kazi hiyo huweka barua kando, kisha huisahau.

Tarehe pia ilikuwa mbaya. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na viwango vya ushuru vinavyobadilika huanza siku hiyo hiyo. Wiki ya mwisho ya Juni wateja wote wanataka mzigo utoke kabla, au wanataka kujua utatozwa kiasi gani baada ya hapo. Kama unamwandikia mtu wa forodha, iache wiki hiyo na ile inayofuata. Kama ni mhasibu, kwepa siku zinazokaribia tarehe 20, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani za VAT. Kila fani ina siku zake za jasho; zijue kabla ya kutuma.

Mara ya pili nilichagua watu saba, nikamwandikia kila mmoja peke yake. Sikuchagua wakurugenzi. Nilitafuta LinkedIn watu wenye miaka mitano hadi kumi kazini, ambao bado wanashika nyaraka kwa mikono yao na hawajasahau walivyoanza. Hii hapa ya kwanza kati ya hizo saba, majina na namba nimeviondoa.

Mada: Swali: mizigo ya transiti, dakika 20

Habari za kazi, Bi. M.,

Mimi ni karani wa stoo katika duka la vipuri Kariakoo. Kwa miaka sita nimepokea kontena zetu na kulinganisha mzigo na nyaraka za forodha. Sasa najiandaa kuhamia kazi ya uwakala.

Nimesoma ulichoandika LinkedIn kuhusu mzigo uliokwama Tunduma kwa sababu uzito kwenye nyaraka haukulingana. Ningependa kukuuliza: karani mpya wa transiti aanzie ofisini kwenye deklaresheni, au bandarini kwenye ufuatiliaji?

Naomba dakika 20 za simu, Jumanne tarehe 13 au Alhamisi tarehe 15 Agosti, kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana (10:00–12:00). Kama siku hizo hazifai, nitafuata muda utakaoutaja. Sikuambatanisha wasifu kwa kuwa siombi nafasi ya kazi.

Ahsante,
Jina kamili, namba ya simu

Mada ina herufi 36 ukihesabu na nafasi. Niliipima kwa kujitumia mwenyewe na kuisoma kwenye simu, kwa sababu watu wengi wa bandarini husoma imeili wakiwa wamesimama. Kwenye simu unaona jina la mtumaji, mada, na maneno machache ya mwanzo, basi. Mada ndefu hukatwa katikati. Na hapo ndipo salamu zetu ndefu zinapotugharimu: "natumaini u mzima wa afya" hujaza nafasi yote ile, na mtu hajui bado wewe ni nani. Salamu lazima iwepo, sisi hatuvamii mtu bila kumsalimu. Lakini "Habari za kazi, Bi. M." ni salamu kamili, na baada yake yanaonekana "Mimi ni karani wa stoo". Shikamoo niliiacha kwa sababu umri wake sikuujua. Niliitoa kwenye simu, niliposikia sauti ya mtu mzima.

Sentensi kuhusu Tunduma ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Haitoshi kusema "nimevutiwa na kazi zako", kwa kuwa hiyo unaweza kumwandikia yeyote. Taja kitu kimoja alichokisema au kukifanya, ukitaje kwa usahihi, kisha swali lako litoke hapo hapo. Kama humpati na kitu chochote alichoandika, basi taja kazi ya kampuni yake, lakini iwe mahususi: njia wanayopitisha mizigo au aina ya mzigo.

Swali lenyewe liwe la kuchagua kati ya mawili ambayo yeye ameyaona yote. "Nianzieje?" ni swali la kitabu kizima. "Ofisini au bandarini?" analo jibu kichwani kabla hajamaliza kusoma, na mtu mwenye jibu tayari hutamani kulisema. Swali ambalo ungepata jibu lake kwenye tovuti ya TRA usiliulize. Litamwonyesha kwamba hukusoma.

Kuhusu "siombi nafasi ya kazi", iandike tu kama utaishika. Wapo wanaoiweka kama chambo, halafu dakika ya kumi na tano wanauliza "hapo kwenu hakuna nafasi?" Huo ni uongo, na fani hii ni ndogo, mawakala wanajuana.

Faida ya kuandika saa kwa namna zote mbili niliijua kwa mtu mwingine kati ya wale saba, niliyemwandikia "saa 10:00" peke yake. Mimi nilikusudia saa nne asubuhi. Yeye aliisoma kama Mswahili yeyote angeisoma, saa kumi alasiri, akajipanga kwa muda huo. Nikampigia yupo getini na dereva wa lori, kelele tupu, akadhani nimekosea siku. Alinisamehe, lakini mazungumzo yalikuwa ya dakika sita. Ukiandika Kiswahili, andika saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana au alasiri, halafu weka ile ya kwenye simu pembeni.

Lugha ilinisumbua kidogo, maana imeili za ofisini hapa mjini nyingi ni za Kiingereza. Nilifuata lugha anayoandikia mtu mwenyewe. Bi. M. aliandika Kiswahili, nami nikamwandikia hivyo.

Nilituma Jumanne tarehe 6 Agosti, saa 2 na robo asubuhi. Alhamisi ilikuwa Nane Nane. Ijumaa asubuhi likaja jibu, tena kwa WhatsApp, ndiyo maana namba ya simu isikose chini ya jina: "Alhamisi saa 4 asubuhi. Nipigie."

Kati ya saba, watatu walijibu. Wawili wa hao walijibu baada ya kukumbushwa. Nilisubiri siku saba za kazi, nikajibu juu ya imeili ile ile ili maneno ya kwanza yabaki chini yake: "Habari za kazi. Nakukumbusha ombi langu la dakika 20 hapo chini. Wiki ijayo niko huru asubuhi zote." Ukumbusho ni mmoja. Wa pili unageuka kuwa deni ambalo mtu hakukopa.

Siku ya simu nilikuwa na maswali matatu kwenye karatasi, la kwanza likiwa lile lile la kwenye imeili. Vocha haikufika elfu tatu. Bi. M. alisema nianzie bandarini: ofisini utajaza tarakimu bila kujua zinagusa nini, lakini ukishasimama siku nzima kusubiri hati ya wakala wa meli ambayo jina la mpokeaji limekosewa herufi moja, hutakosea tena herufi ukirudi kwenye deklaresheni. Cheti cha EACFFPC, kile cha mafunzo ya uwakala wa forodha Afrika Mashariki, ambacho wengi waliniambia nikilipie kwanza, alisema nikichukue baada ya miezi michache ya bandarini, ili ninachofundishwa kiwe na sura.

Dakika ya 18 nikasema, "Dada, muda nilioomba unaisha." Akacheka, akaongeza nyingine kumi mwenyewe. Ndipo nikauliza swali la tatu, ambalo huhifadhiwa mwisho: kuna mtu mwingine ambaye angeshauri nizungumze naye? Akanitajia msimamizi wa makarani wa bandarini katika kampuni nyingine, na akaniruhusu nitumie jina lake. Ruhusa hiyo iombe wazi, usijichukulie.

Jioni ile nilimwandikia shukrani ya mistari mitatu, nikitaja lile la herufi moja. Kisha nikaandika imeili kwa huyo msimamizi. Ilikuwa ile ile, isipokuwa mada, "Nimeelekezwa na Bi. M.: dakika 20", na aya ya Tunduma niliyoibadilisha kwa aliyonieleza Bi. M. kuhusu hati za meli. Jibu lilifika kesho yake kabla ya saa sita mchana. Yeye hakutaka simu. Aliniambia nije getini Jumamosi asubuhi na viatu vya kufunika vidole.