Nilivyomwandikia meneja wa mgahawa baada ya wali kuniumiza

Jamani niwaambie nilivyofanya, maana wengi tukiumwa na chakula tunaishia kulaani tu halafu basi. Nilikula wali kuku mgahawa mmoja hapa Dar, saa nane mchana, mke wangu akala chipsi kuku. Saa kumi na moja nikaanza kutapika, natapika mpaka nyongo, na yeye yuko mzima kabisa. Hospitali nikawekewa dripu, daktari akauliza nimekula nini na saa ngapi, akasema kutapika ndani ya saa 1 mpaka 6 mara nyingi ni sumu iliyokuwa tayari kwenye chakula, na wali uliolala nje anaushuku sana. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa bila friji wanazaliana na kuacha sumu, na sumu hiyo hata uupashe moto vipi haitoki.

Hapo ndo nikajua cha kuandika. Kuku tulikula wote, wali peke yangu, kwa hiyo barua nikaielekeza kwenye wali, sikutaka kumtukana mtu wala kudai fidia kwanza. Nikaandika hivi:

"YAH: OMBI LA KUCHUNGUZA WALI ULIOUZWA JUMAMOSI MCHANA. Ndugu Meneja, nilikula kwako saa 8 mchana, nakala ya risiti ya EFD nimeambatanisha. Saa 11 jioni nilianza kutapika. Mwenzangu alikula kuku huyohuyo bila wali, hakuumwa. Naomba unijibu kwa maandishi: wali ule ulipikwa saa ngapi, ulihifadhiwa wapi mpaka ukauzwa, ulichanganywa na wa jana? Kuna mteja mwingine aliyelalamika?"

Chini nikaweka "Nakala: Afisa Afya wa Manispaa", na cheti cha hospitali nikaambatanisha. Barua nikaipeleka mwenyewe, nikamwambia asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yangu, hiyo msiiache kabisa maana bila hivyo kesho anasema hajaiona.

Meneja kwanza akanijia juu, "Kaka, mbona wengine wamekula hawajaumwa?" Nikamjibu bosi, wengine walipakuliwa sufuria gani, ndo ninachouliza. Akatulia akamwita mpishi, mpishi akasema wali wa usiku ulibaki wakaufunika jikoni mpaka asubuhi, wakaupasha, wakaumwagia juu ya mpya. Friji ipo, imejaa soda!

Cheti changu peke yake hakithibitishi kwamba ni wali, ule wali ungekuwepo ungepelekwa maabara, ila ulishaisha. Ndo maana nilitaka maelezo ya jikoni. Majibu ya maandishi nimeyapata, wamekubali wali unaobaki uwekwe kwenye sinia pana upoe haraka uingie friji, usipoingia unamwagwa. Bwana afya naye kaniambia atapita kukagua jiko.