Fimbo ya kupimia tangi: lini niache kurudia hesabu?

Baba mdogo hapa Moshi ana tangi la dizeli la mviringo lililolazwa, kipenyo sentimita 100. Namchorea fimbo ya kupimia. Leo nimeshughulikia alama ya chini kabisa, asilimia 1 ya ujazo.

Pembe θ inayokumbatia uso wa mafuta, ikipimwa kutoka katikati ya duara kwa rediani, lazima itimize θ − sin θ = 0.02π, yaani 0.0628319. Mlinganyo huu hauna njia ya mkato, kwa hiyo nilianza na 1 nikarudia:

```
t = 0.0628319 + sin(t)
```

Kanuni ya kuacha ilikuwa ile ya kawaida: hatua ikishuka chini ya 0.005, simama. Ilisimama kwenye 0.7417, hatua ya mwisho ikiwa 0.0045. Jibu la kweli ni 0.7288. Kosa ni 0.0129, karibu mara tatu ya hatua! Kwenye fimbo, alama ingekaa sentimita 3.40 badala ya 3.28. Milimita moja na kidogo, lakini pale chini ni asilimia 5 ya mafuta yanayopimwa.

Sababu inaonekana ukigawa kila hatua kwa iliyotangulia. Uwiano ulipanda 0.58, 0.64, 0.67 hadi 0.73, ukielekea cos θ ya jibu, 0.746. Huu ni mkaribio wa daraja la kwanza: kila mzunguko unabakiza karibu robo tatu ya kosa. Hatua ni ndogo, ila nyuma yake kuna hatua nyingine nyingi za upande uleule ambazo hazijapigwa. Ukizijumlisha zote, kosa lililobaki ni hatua × r/(1 − r), r ikiwa ni ule uwiano. Kwa r = 0.732 napata 0.0124, karibu sana na kosa halisi. Kadirio limepungua kidogo kwa sababu r ilikuwa bado inapanda. Sasa nalinganisha kadirio hili na 0.005, si hatua tupu.

Kisha nikajaribu mbinu ya Newton kutoka 1 ileile. Makosa yalikwenda 0.271, 0.063, 0.0046, 0.00003. Kila kosa ukiligawa kwa mraba wa lililotangulia unapata 0.86, kisha 1.17, na namba hiyo inatulia karibu 1.31: daraja la pili. Hapa hatua ya mwisho, 0.0046, ni kosa la thamani iliyopita. Thamani mpya ni bora mno kuliko hatua inavyodai. Kigezo kilekile cha 0.005 kinamaanisha vitu viwili tofauti kabisa.

Alama ya nusu tangi nitaifanya kwa Newton tu. Pale cos θ ni −1, kwa hiyo ule urudiaji rahisi unaruka huku na huku kuzunguka jibu na kusogea polepole mno.