Cheni ya sentimita arobaini na tano

Kijana alifika kwenye meza yangu ya mapambo ya fedha, Makoroboi jijini Mwanza, jioni, wachuuzi wakiwa wameanza kukunja maturubai.

"Shikamoo, mama. Nataka pete ya fedha, ila isiwe ya uchumba."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza."

Yeye na binti aliyetaka kumpa zawadi walikuwa wamefahamiana miezi michache, na siku ya kuzaliwa ya binti ilikuwa inakaribia. Nilimwambia wazi kwamba pete ya aina hiyo haipo. Hata iwe haina jiwe na ivaliwe kidole gumba, shangazi wa binti atauliza mahari inaletwa lini. Tena pete inahitaji kipimo cha kidole, na ukishauliza kipimo umeshatangaza nia. Akataja kikuku. Hicho nacho nilimkatalia, maana bado wapo watu wazima wanaomfikiria vibaya mwanamke aliyekivaa, na si haki kumbebesha binti maneno hayo kwa zawadi ambayo hakuichagua.

Nikamuuliza binti anafanya kazi gani. Kumbe yuko kiwanda cha samaki, kwenye meza ya kukata minofu ya sangara. Hilo liliamua mengi. Kule bangili, hereni na mikufu huvuliwa kabla ya kuingia, kwa ajili ya usafi wa chakula. Kwa hiyo tulitafuta kitu cha kuvaa baada ya kazi, kinachofungwa na kufunguliwa kila siku bila taabu. Kifungio kidogo cha duara chenye chemchemi ndani hakifai hapo: ni kigumu kwa kucha fupi, na chemchemi yake ndiyo huwahi kufa. Nilichukua chenye umbo la gando la kaa, cha urefu wa kama milimita 10, ambacho mtu anakifunga nyuma ya shingo bila kukiona.

Hereni tuliziacha kwa sababu hakujua kama binti ametoga masikio. Nikaomba anionyeshe picha zake kwenye simu. Picha husema mengi kuliko maswali: masikio yalikuwa matupu katika zote, na shingoni alikuwa na cheni nyembamba nyeupe iliyoishia chini kidogo ya mitulinga. Hapo nikapata rangi na urefu kwa mpigo mmoja. Mpenda nyeupe usimpelekee njano. Na kwa umbo lake, cheni ya sentimita 45 ingekaa palepale. Niliongeza pingili za akiba, sentimita 5 nyuma, ili mwenyewe aishushe akivaa blauzi yenye shingo pana.

Kijana alikuwa na cheni nyingine mfukoni, ya bei rahisi, aliyoambiwa ni fedha. Niliisogezea sumaku, haikuvutwa, akafurahi. Lakini sumaku hukamata chuma na metali nyingine chache tu; shaba haivutwi pia. Nikamwonyesha kwa lenzi pale pingili zinaposuguana karibu na kifungio: rangi nyeupe ilikuwa imeanza kulika na njano kuchungulia. Ile ilikuwa shaba ya njano iliyopakwa. Jasho la shingoni humaliza rangi, kisha ngozi inabaki na alama ya kijani. Fedha ya mapambo huwa na muhuri wa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi, na kinachobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu ya kuipa ugumu. Nayo hufifia na kuwa nyeusi, ila weusi wake unafutika kwa kitambaa laini.

Yeye alipenda cheni nyembamba kama unywele. Mimi nilishikilia unene wa milimita 1.2, kwa kuwa ile nyembamba ikinaswa na ukosi mara moja tu inakatika. Tena cheni nyingi hukatikia kwenye kipete kinachoziunganisha na kifungio, si katikati. Ukiinua kipete hicho kwenye mwanga ukaona mwanya, hakijachomewa, na siku moja kitafunguka. Nilikichomea hapohapo.

Kwenye kidani ndipo tulipobishana. Alitaka moyo wenye herufi zao mbili. Moyo, kufuli, funguo na herufi vyote vinamwambia binti jambo ambalo wao wawili hawajalizungumza, na akikivaa atakuwa amejibu. Nilimpa kisahani cha fedha cha milimita 8, laini, kisicho na alama. Pamoja na cheni havikuzidi gramu 4. Akauliza kama nichonge tarehe nyuma yake. Nikamwambia kilichochongwa hakibadilishwi, na nafasi ya tarehe haiendi popote. Mwakani akirudi nitaichonga.

Mwisho akachagua kijisanduku chekundu cha mraba, kile cha kufunguka kwa bawaba. Nikakirudisha kabatini. Mtu akikabidhiwa kisanduku kile, huwaza pete kabla hajakifungua, na cheni nzuri hupokelewa kwa mshtuko. Nilimfungia kwenye kifuko cha kitambaa chenye kamba, na ndani nikaweka mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, wa kuihifadhia cheni asipoivaa ili hewa isiiwahi.