Jina la Kalamu: Niliyoyamaliza Kabla ya Kusaini Mkataba

Riwaya yangu inahusu ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, nami naishi Moshi. Anayeujua mji huu hahitaji maelezo zaidi: hadithi ya namna hiyo ikibeba jina la ukoo, ndugu wataisoma kama hati ya madai. Kwa hiyo ilitoka kwa jina la kalamu. Hapa naeleza niliyoyapanga na mchapishaji kabla ya kalamu kugusa mkataba, maana mengi kati ya hayo hayarekebishiki kitabu kikishakuwa dukani.

La kwanza ni kuamua aina ya jina unalotaka. Lipo jina la wazi, ambalo kila mtu anajua nani yuko nyuma yake. Nikki wa Pili wa Arusha alifahamika hivyo kwenye muziki, na mwaka 2021 alipoteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, aliteuliwa kwa jina lake, Nickson Simon, bila mtu kushtuka. Na lipo jina la siri. La wazi halidai kazi kubwa, linataka mistari miwili tu ya mkataba. La siri ndilo lenye kazi, nalo ndilo nililotaka.

Kulichagua kulinichukua wiki mbili. Mtego wa Moshi ni kwamba jina la ukoo linataja mahali: ukijiita Shirima, msomaji ameshakupeleka Rombo. Mbaya zaidi, yupo Shirima halisi mwenye jina la kwanza lilelile ulilobuni, na kitabu kikimsema vibaya jirani fulani, lawama zinamwangukia yeye. Nikaamua kutotumia jina la ukoo wowote, nikachukua la mti. Tuseme ni Mringa, kwa mfano tu. Kisha nikalitafuta mtandaoni, kwenye orodha za maduka ya vitabu, na kwenye majina ya biashara ya BRELA. Nililiandika kwa tahajia zote mbili ambazo mtu angeweza kulisikia, kwa sababu redioni jina halina tahajia.

Sasa mkataba. Wanaoanza wengi hudhani wataweka saini ya jina la kalamu. Mkataba wa namna hiyo haubatiliki kwa sababu hiyo pekee, ila siku ya ugomvi kazi ya kuthibitisha kwamba Mringa ni wewe inakuwa yako. Nilisaini kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, na kifungu cha kwanza kikasema hivi:

"Mwandishi ni (jina la kitambulisho), anayeandika kwa jina la kalamu Mringa. Jina hilo ni mali ya Mwandishi. Mchapishaji atalitumia kwa Kitabu hiki peke yake, na hatalitumia kwa kazi ya mtu mwingine, wakati wa mkataba huu wala baada yake."

Sentensi ya pili na ya tatu ndizo zilizobishaniwa. Rasimu ya mchapishaji ilikuwa kimya kuhusu mwenye jina, na ukimya huo una bei. Kitabu cha kwanza kikiuzika, mchapishaji aliyegharamia matangazo anaweza kudai jina ni lake, akampa mtu mwingine aandike cha pili. Msomaji hatajua, kwa kuwa hakuwahi kuiona sura ya mtu. Kama mchapishaji anataka mfululizo wa vitabu ulioandikwa na watu kadhaa kwa jina moja, ni sawa, lakini basi aseme hivyo waziwazi na alipie.

Kifungu cha usiri nilikiandika kwa kuhesabu watu. "Mchapishaji ataweka siri" haitoshi, kwa sababu mchapishaji ni ofisi yenye mhariri, mhasibu, msanifu wa jalada na dereva anayepeleka nakala. Tukaandika kwamba jina halisi litajulikana kwa mkurugenzi, mhariri mmoja na mhasibu, basi. Mwingine yeyote anahitaji ridhaa yangu ya maandishi. Tukaacha nafasi kwa mamlaka ya kodi na amri ya mahakama, kwa kuwa hakuna mkataba unaoweza kuzizuia hizo. Na tukaongeza kwamba usiri unaendelea mkataba ukiisha, na unamfunga yeyote atakayeinunua kampuni au haki za kitabu.

Tuliweka pia kiasi cha fidia siri ikivuja kwa uzembe wao. Usitegemee kulipwa kiasi chote kama kilivyoandikwa: chini ya Sheria ya Mikataba, mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Faida ya kukitaja ni kwamba mhasibu anafunga kabati.

Kuna jambo ambalo jina la kalamu haliwezi kufanya, nalo ni kukukinga na kesi ya kashfa. Kwenye mkataba unamhakikishia mchapishaji kwamba hujamkashifu mtu, na ahadi hiyo inakufunga wewe mwenye kitambulisho. Wakili wangu alinishauri nibadili idadi ya watoto wa mhusika mmoja, kijiji chake na aina ya gari lake. Nilibadili vyote vitatu. Gari liliniuma, nakiri.

Jambo ambalo karibu hakuna anayelitaja ni muda wa hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya kawaida inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi iliyotoka kwa jina la kalamu, ambayo mtunzi wake hajulikani, inalindwa miaka 50 tangu ilipotolewa. Chukua mwandishi aliyetoa kitabu mwaka 2026 akiwa na umri wa miaka 34, akafariki mwaka 2066. Akibaki bila kujulikana, ulinzi unaisha mwaka 2076, yaani wanawe wanafaidi miaka 10. Akijulikana kabla ya muda huo kwisha, hesabu inarudi kwenye kanuni ya kawaida na ulinzi unafika mwaka 2116. Tofauti ni miaka 40 ya mirabaha, kwa karatasi moja tu inayosema nani ni nani.

Karatasi hiyo ni kiapo cha majina. Hakuna haja ya hati ya kubadili jina, kwa sababu jina lako halijabadilika. Ni kiapo mbele ya wakili kwamba mimi mwenye kitambulisho fulani na anayejulikana kama Mringa ni mtu mmoja, na kwamba niliandika kitabu fulani. Kinasaidia pia wakati wa uhai. Kitabu kikichapishwa kwa jina lisilojulikana, mchapishaji ambaye jina lake limo kitabuni ndiye anayehesabiwa kumwakilisha mtunzi na kudai haki kwa niaba yake, hadi mtunzi ajitokeze na kuthibitisha. Hilo ni zuri akimshtaki mwizi wa nakala. Ni baya kama ugomvi ni kati yako na yeye. Pamoja na kiapo nimeweka rasimu za mkono zenye tarehe.

Fedha ndiko siri nyingi zinakofia. Tufanye hesabu ndogo: kitabu cha shilingi 10,000, nakala 1,000 zimeuzwa, mrabaha asilimia 10 ya bei ya jalada. Inakuja shilingi 1,000,000. Mchapishaji anakata kodi ya zuio asilimia 15, yaani 150,000, na unapokea 850,000. Makato hayo yanaambatana na hati yenye TIN na jina lako halisi, kwa hiyo mhasibu lazima awe kwenye ile orodha ya watu watatu. Usimwombe akulipe kwa jina la kalamu. Mringa hana TIN.

Upande wa pili ni ukijiuzia mwenyewe. Mnunuzi wa Arusha anatuma hela kwa simu, na kabla hajaweka namba ya siri, skrini inamwonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini. Umemaliza miezi sita ukijificha, umefichuliwa kwa shilingi elfu kumi. Njia niliyotumia ni kusajili jina la biashara BRELA, nikaomba Lipa Namba kwa jina hilo, na mnunuzi anaona jina la biashara. Lakini rejista ya BRELA iko wazi kwa umma: anayetaka kwa nia kumjua mwenye biashara anaweza kulipia upekuzi na kumjua. Kwa shangazi mdadisi inatosha. Kwa mwandishi wa habari mwenye subira haitoshi, na yeye aachwe kwa mchapishaji, ambaye auze nakala zote.

Ukurasa wa hakimiliki usomwe na macho mawili tofauti kabla ya kupiga chapa. Msanifu wetu alikuwa ameandika jina langu halisi pembeni ya alama ya ©, kwa nia njema kabisa, akidhani sheria inataka. Haitaki, hakimiliki inazaliwa kazi inapoandikwa, na alama hiyo inaweza kubeba jina la kalamu au la mchapishaji. Hakikisha pia fomu ya kuombea ISBN imejazwa Mringa kwenye nafasi ya mwandishi, kwa sababu kinachoingia kwenye orodha ya maktaba husambaa.

Mwisho ni faili lenyewe. Programu ya kuandikia huhifadhi jina la mwenye kompyuta ndani ya faili, na linahamia kwenye PDF bila kuonekana ukurasani. Mtu yeyote anaweza kulisoma. Nilikagua na kusafisha hivi:

```
pdfinfo kitabu.pdf
exiftool -all= kitabu.pdf
qpdf --linearize kitabu.pdf safi.pdf
```

Amri ya kwanza inaonyesha jina lililojificha, angalia mstari wa `Author`. Ya pili inalifuta, lakini kwa PDF inaongeza tu badiliko juu ya faili la zamani, na jina bado linaweza kurudishwa. Ya tatu ndiyo inayoliandika faili upya na kuliacha la zamani nyuma. Kinachotumwa ni `safi.pdf`. Ukituma `kitabu.pdf` baada ya hatua ya pili, umefagia uchafu chini ya mkeka. Maoni ya mhariri pembeni mwa rasimu nayo hubeba majina, hivyo yafutwe kabla ya kutengeneza PDF, si baada.

Kiapo, mkataba na rasimu viko kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika ofisi ya wakili mjini Arusha, makusudi si Moshi. Juu yake pameandikwa nani anaruhusiwa kuifungua na lini: mimi mwenyewe wakati wowote, au msimamizi wa mirathi akileta cheti cha kifo. Wosia wangu unataja bahasha na ofisi, haumtaji Mringa.