Nilivyomwondoa mteja kwenye PS5 nikampa PS4 ya okazyo

Yule mama aliingia dukani na makuta yakiwa yamekwisha kuhesabiwa. Mteja wa namna hiyo ananitisha kuliko anayebishania bei, maana aliyekwisha kuhesabu hasikilizi tena, amekuja kuchukua tu. Nyuma yake alikuwa mtoto wake, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, aliyemaliza diploma ya serikali na kukaa nyumbani mwaka mzima.

Duka langu liko Kamalondo, hapa Lubumbashi, si mbali na uwanja wa Mazembe. Nauza simu, vifaa vya televisheni, na konsoli chache za michezo zinazoingia kupitia Kasumbalesa. Siku hiyo ya posho nilikuwa na PS5 moja tu, ile ya digitali, mpya ndani ya katoni, dola 520. Kijana aliinyooshea kidole hata kabla ya kusalimu.

"Njo hii," akamwambia mama yake.

Mama akanieleza mpango. Wana chumba kimoja mbele ya nyumba, Katuba, kinachotazama barabara. Mtoto atafungua chumba cha michezo, vijana walipe franka 500 kwa mechi. Pesa ni dola 600, zamu yake ya likelemba, na hakuna nyingine nyuma yake.

Ningeweza kufunga katoni pale pale. Faida yangu kwenye PS5 ile ilikuwa nzuri, na kodi ya duka ilikuwa inakaribia. Lakini mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwuzia baba mmoja mashine ya aina hiyo hiyo bila kumwuliza neno. Siku tatu baadaye alirudi na mfuko wa diski sita alizonunua sokoni, akitaka nimwonyeshe pa kuziingizia. Hapakuwa na pa kuziingizia. Alisema maneno ambayo wateja wengine waliyasikia vizuri, nikamrudishia sehemu ya pesa, na sijamwona tena.

Nilikuwa nimejifunza jambo jingine pia: ukiisema vibaya mashine mbele ya kijana anayeitamani, anakuona mchawi. Basi sikuisema vibaya. Niliitoa kwenye katoni, nikaiweka mezani, nikampa kijana diski ya FC 24, mchezo wa mpira.

"Weka tuone."

Aliigeuza mbele. Akaigeuza ubavu. Akapitisha kidole kwenye ukingo mweupe kutoka juu mpaka chini, akakuta matundu ya USB, akaigeuza nyuma. Mama alikuwa anamtazama, mkoba umebanwa kwapani.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza mama.

"Hii haina, Mama. Ni ya digitali. Michezo inashushwa na intaneti." Kijana alilijua hilo, nakiri. Alikuwa amesoma. Akaongeza kwamba kisomeo cha diski kinanunuliwa kando na kubandikwa.

Ni kweli, nikamwambia. Kwenye modeli hizi mpya, zilizotoka mwishoni mwa 2023, kinabandikwa. Zile za digitali za 2020 hazikubali kabisa. Lakini mimi sina kisomeo, nikiagiza ni pesa nyingine, na siku ya kwanza ya kukifunga mashine lazima iingie kwenye intaneti ili ikitambue. Bila hapo hakisomi kitu.

"Sasa intaneti ya nyumbani ni ipi?"

"Ya simu."

"Bando la mwisho ulinunua giga ngapi?"

"Moja."

Mchezo mmoja wa mpira unakaribia giga 50, na kila mara kuna masahihisho ya kushusha juu yake. Sikufanya hesabu mimi. Mama ndiye aliyemwuliza mtoto analipa ngapi kwa giga moja, akazidisha kimoyomoyo midomo ikitembea, akanyamaza. Nadhani pale ndipo PS5 iliposhindwa, ila kijana alikuwa bado hajakubali.

Kulikuwa na shida ya kununua mchezo wenyewe pia. Nchi yetu haimo kwenye orodha ya nchi ambazo duka la mtandaoni la PlayStation linazihudumia. Watu wanafungua akaunti ya Ufaransa au ya Afrika Kusini, kisha wanatafuta kadi ya malipo ya nchi hiyo hiyo. Kadi ya nchi nyingine haikubali. Inawezekana, wako wanaofanya hivyo hapa mjini, lakini kwa mtu anayeishi kwa mechi za franka 500 ni safari ndefu. Diski unainunua, ukichoka nayo unaiuza au unabadilishana na jirani.

Nikamgeukia kijana na hesabu yake mwenyewe. Katoni ya PS5 ina maneti moja. Mechi inachezwa na wawili. Ya pili ni dola 75, na za PS4 hazichezi michezo ya PS5, ni ile ya PS4 tu. 520 na 75 ni 595. Dola tano zimebaki, na bado hamna mchezo hata mmoja.

Alitazama chini. Mama akasema tu, "Aya."

Nikateremsha PS4 Slim ya okazyo kutoka rafu ya nyuma, dola 210 na maneti mbili. Haing'ai. Ina mkwaruzo juu. Lakini niliiwasha, nikaingiza ile diski, na mashine ikaimeza kwa ule mlio mdogo wa kuvuta. Mama alicheka kwa mara ya kwanza.

Kabla hawajakubali niliomba kitu kimoja: wapige simu nyumbani, mtu aangalie nyuma ya televisheni. PS4 haitoi picha kwa nyaya tatu za rangi, nyekundu, nyeupe na njano. Inataka tundu la HDMI tu. Dada mdogo alituma picha yenye vumbi na buibui, na HDMI ilikuwapo, moja. Isingekuwapo ningewarudisha nyumbani na pesa zao.

Kisha tukaongea umeme, maana Katuba delestaji haiulizi ratiba. Nilimwandikia kijana kwenye karatasi ya risiti. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, itakufa mapema. Basi shika 600. PS5 ikicheza mchezo mzito inakula karibu wati 200, televisheni yake ya inchi 32 tuseme 50. Jumla 250. Ukitoa kinachopotea kwenye invata, ni saa mbili hivi. PS4 Slim inakula karibu 90, na televisheni ni 140: saa tatu na nusu. Jioni nzima ya wateja, wakati majirani wako gizani na hawana la kufanya. Aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni, nikajua amenielewa.

Sasa mashine ya okazyo nayo ina mitego yake, na sikutaka arudi kwangu kama yule baba. Tuliiacha ikicheza nusu saa nzima. Feni ikianza kupiga kelele kama ndege inayoruka, ndani kuna vumbi au dawa ya joto imekauka. Hii ilinguruma kidogo tu. Tuliachia maneti mezani bila kuzigusa: mchezaji akitembea peke yake uwanjani, kijiti kimekwisha. Moja ilikuwa inavuta kushoto, nikaibadilisha.

La mwisho watu wengi hawalijui. Ndani ya PS4 kuna betri ndogo kama sarafu inayotunza saa. Zamani, betri ile ikifa na mashine haina intaneti, michezo ilikataa kufunguka, hata ya diski. Walirekebisha hilo kwenye programu ya mashine namba 9.00, mwaka 2021. Kwa chumba kisicho na intaneti ni jambo la kufa na kupona. Unaingia Settings, kisha System, kisha System Information, unasoma namba. Hii ilikuwa na namba ya chini kuliko hapo, nikaisasisha kwa flashi ya USB wakati mama anakunywa maji.

Nilimwambia pia ubaya wake, ili asinilaumu. FC 24 ya diski bila intaneti itabaki na vikosi vya 2023. Mbappé atakuwa Paris milele. Vijana wa Katuba watamcheka. Alijibu kwamba wale wakitaka Madrid watalipa Madrid, sijui alimaanisha nini, lakini alikuwa ameanza kuongea kama mwenye biashara. PS4 nayo inazeeka, ilitoka 2013, na siku moja diski mpya zitakoma. FC 25 ya 2024 bado ilitoka nayo.

Walichukua PS4, diski tatu za okazyo kwa dola 45, na regulateri ya 25. Hii ya regulateri niliisisitiza, kwa sababu PS4 nyingi zinazoletwa kwangu kutengenezwa zimeuawa na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Diski ngumu ndiyo inayoumia zaidi. Heri ni kwamba inabadilishwa kwa ile ndogo ya kompyuta ya mapajani, skrubu chache tu. Jumla dola 280. Mama alirudisha 320 mkobani, akaniambia betri wataitafuta kwa fundi anayemjua. Mimi betri siuzi.

Msaidizi wangu alinuna mpaka jioni. PS5 ilikaa rafuni wiki tano zaidi, ikachukuliwa na mhandisi wa mgodi ambaye nyumbani kwake ana faiba na jenereta. Huyo sikumwuliza maswali mengi, ilimfaa.

Kijana alirudi kabla ya hapo, wiki ya tatu. Alitaka maneti nyingine, moja ilikuwa imeangushwa na mteja aliyefungwa bao la dakika ya mwisho. Alilipa kwa noti za franka 500, bunda la kufungwa na raba, nyingine zikinuka mandazi. Tulizihesabu mara mbili. Kisha akainua macho kwenye rafu.

"Papa, ile iko hapa bado?"

"Iko."

"Mdomo bado haina?"

"Bado."

Akacheka, akatia maneti ndani ya mfuko, akaondoka.