Asilimia kumi kwa kila bidhaa, na siku unga ulipouzwa shilingi tatu Konde

"Weka asilimia kumi tu yakhe, kinachozidi kipake rangi nyekundu, umemaliza." Huo ndio ushauri nilioanza nao wa kukamata bei zilizokosewa, na nikaufuata. Asubuhi ya kwanza jedwali la bei za masoko likaiva kama shamba la pilipili. Nyanya nyekundu, dagaa nyekundu, pweza nyekundu, na siku ya pili vile vile. Jedwali likiwa jekundu lote hakuna anayelitazama, na siku ya tatu sukari ya shilingi 30,000 kwa kilo, sifuri moja ya ziada, ikapita katikati ya wekundu ule bila mtu kushtuka.

Kazi yenyewe si kubwa. Wakusanyaji wa Darajani na Mwanakwerekwe huku Unguja, na wa Chake Chake, Wete na Konde kule Pemba, hutuma bei kwa simu, na kila asubuhi saa tatu jedwali huvuta bei mpya. Linalotakiwa ni kulinganisha bei mpya na ya kabla yake, na kilichoruka kupita kiasi kisimamishwe mpaka mtu apige simu kuuliza. Hesabu ya asilimia anaiweza mwanafunzi wa skuli. Kesi iko kwenye hiyo "bei ya kabla yake": ni ipi hasa, na umeiweka wapi?

Kwanza, data mpya ikiingia huifuta ya zamani. Kama hukuinakili kabla, huna cha kulinganisha nacho. Nina kurasa mbili, `Leo` na `Zamani`, na bei za `Leo` huhamia `Zamani` kama thamani tupu (kwenye Google Sheets ni Ctrl+Shift+V), si kama fomyula. Ukibandika fomyula, ukurasa wa zamani nao utabadilika data ikivutwa, kila tofauti itakuwa sifuri, na utafurahi kwamba soko limetulia.

Pili, usilinganishe mstari wa 14 na mstari wa 14. Siku mkusanyaji wa Wete alipoongeza choroko katikati ya orodha, kila kilichokuwa chini yake kilisogea. Bei ya kunde ikalinganishwa na ya mbaazi, ya mbaazi na ya mchele, na nusu ya jedwali ikapiga kelele kwa kosa ambalo halipo sokoni. Sasa kila bei ina msimbo wake wenye soko, bidhaa na kipimo, mfano `WET-NDIZI-CHANA`, na bei ya zamani hutafutwa kwa msimbo huo:

```
=VLOOKUP(A2,Zamani!A:B,2,FALSE)
```

Hiyo `FALSE` usiiache. Bila hiyo fomyula huokota msimbo ulio karibu pale inapoukosa ule wenyewe. Kipimo nacho nimekitia ndani ya msimbo kwa makusudi. Ndizi huuzwa kwa mkungu na kwa chana, nyanya kwa tenga, kwa kilo na kwa fungu. Mkusanyaji akibadilisha kipimo, msimbo wa zamani haupatikani na `#N/A` hujitokeza. Kosa la wazi namna hiyo nalitaka kuliko namba iliyojificha.

Sasa fomyula yangu ya kwanza, niliyoitembeza kwa fahari:

```
=(B2-C2)/C2>10%
```

B ni bei mpya, C ya zamani. Mkusanyaji wetu wa Konde ana mazoea ya kutenganisha maelfu kwa nukta, na akaandika unga wa ngano `2.800`. Jedwali letu husoma nukta kama desimali, kwa hiyo likapokea 2.8, na kwa kuwa safu haionyeshi desimali, kilichoonekana ni 3. Kutoka 2,800 hadi 2.8 ni kushuka kwa asilimia 99.9. Je, hasi 99.9 ni kubwa kuliko 10? Si kubwa, basi fomyula ikasema sawa. Kesho yake akaandika vile vile, 2.8 ikalinganishwa na 2.8, mabadiliko sifuri, safi kabisa. Wiki nzima unga wa Konde ulikuwa shilingi tatu kwenye jedwali langu. Aliyeugundua ni bibi mmoja wa ofisini aliyeuliza, "Mwanangu, boti ya Pemba inaondoka saa ngapi? Nataka magunia kumi."

Ukienda kwa wajuzi watakwambia tia `ABS`, na ni kweli kosa la Konde lingekamatwa. Lakini bado kuna ulemavu. Bei inaweza kupanda asilimia 900, ila kushuka haiwezi kupita asilimia 100. Ukiipa nyanya kizingiti cha asilimia 100 kwa sababu hupanda sana, umeshafunga jicho moja, maana anguko la aina yoyote halitafika hapo. Mkungu wa 20,000 ukiandikwa kimakosa kwa bei ya chana, 3,000, umeshuka asilimia 85 tu. Siku ukirekebishwa umepanda asilimia 567. Kosa limepita, sahihi imekamatwa!

Kwa hiyo nagawa kubwa kwa ndogo, bila kujali ipi ni mpya:

```
=IF(OR(N(B2)<=0,N(C2)<=0),"KAGUA",
 IF(MAX(B2,C2)/MIN(B2,C2)>1+D2,"IMERUKA","SAWA"))
```

D ni kizingiti cha bidhaa hiyo. Mkungu ule sasa unatoa 6.67 kwenda na 6.67 kurudi. `N` pale mwanzoni ndiyo ninayojisifu nayo: seli tupu, sifuri, na namba iliyoandikwa kama maneno, mfano "2800/=", zote huzigeuza kuwa 0, zikaanguka kwenye KAGUA badala ya kuleta kosa la kugawa kwa sifuri au kupita kimya kama SAWA.

Rudi kwenye sukari ya 30,000. Hata ikikamatwa leo, ukiiacha ihamie `Zamani` usiku, kesho 3,000 iliyo sahihi italinganishwa na 30,000 na yenyewe ndiyo itakayoshtakiwa. Kwa hiyo `Zamani` haiwekwi bei ya jana. Inawekwa bei ya mwisho iliyokubaliwa. Yenye SAWA huhamia, yenye IMERUKA hubaki nje mpaka niandike "ndiyo" kwenye safu ya pembeni baada ya kupiga simu. Ukisahau kuthibitisha mruko wa kweli, bidhaa hiyo itapiga kelele kila asubuhi, na hilo halinisumbui.

Vizingiti sikuvibuni kichwani. Kwa kila bidhaa nilichukua bei 61 zilizopita, nikatoa makosa niliyoyajua, nikapata migawo 60 ya kubwa kwa ndogo, kisha `=LARGE(H2:H61,3)`, yaani wa tatu kwa ukubwa. Nikitoa 1 na kuongeza kidogo juu napata kizingiti ambacho soko la kawaida hukivuka mara chache tu. Sukari na unga vilitoka kwenye asilimia 8 hivi, mchele karibu na hapo, nyanya 40. Vitu vya bei ndogo ni balaa: fungu la mchicha likitoka 300 hadi 500 ni asilimia 67, na ni shilingi mia mbili tu. Kwa vitu hivyo nimeongeza sharti kwamba tofauti ipite pia shilingi 300. Karafuu ni kinyume chake. Bei ya kununulia hupangwa na Serikali kupitia shirika lake la biashara, ZSTC, haitingishiki kwa mnada wa asubuhi, basi kizingiti chake ni sifuri. Ikibadilika hata shilingi moja nauliza.

Dagaa ndio walionifundisha adabu. Kila mwezi kwa siku kadhaa waliwaka nyekundu, nikipiga simu naambiwa bei ni ya kweli. Nikapandisha kizingiti, nikakosa kosa halisi la ndoo lililoingia siku za bei tulivu. Nikashusha, kelele zikarudi. Mvuvi mmoja wa Mkokotoni akanitazama kwa huruma: "Sheikh, wewe unatazama kalenda ya ukutani. Tazama juu." Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mavuno hupungua, bei hupanda, kisha giza likirudi hushuka. Jambo la kila mtoto wa pwani, na mimi nilikuwa nalitafutia fomyula.

Nikaongeza safu ya tarehe ya Hijria. Kuanzia tarehe 12 hadi 18 dagaa wana kizingiti cha asilimia 60, siku nyingine 25. Zaidi ya hapo, wakiruka nawalinganisha pia na bei ya tarehe ile ile ya mwezi uliopita wa Hijria. Tuseme tarehe 14 ndoo imetoka 20,000 hadi 34,000. Mgawo ni 1.7, imeruka. Tarehe 14 ya mwezi uliopita ilikuwa 32,000, na mgawo ni 1.06. Napitisha bila simu. Lakini kama ni 68,000, mgawo wa pili ni 2.1, na hapo napiga simu, maana huenda mtu kaandika bei ya ndoo mbili. Usihesabu siku 30 kurudi nyuma kwa mazoea, kwani mwezi wa Hijria ni 29 au 30, na ule wa siku 29 utakuangusha kwenye tarehe nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo kulinganisha na tarehe kama hii mwaka jana hakufai kwa vitu vya futari. Ramadhani ya 2024 ilianza karibu na tarehe 12 Machi, ya 2025 mwanzoni mwa Machi. Tarehe 5 Machi ni mwezi mtukufu mwaka mmoja, na mwaka wa kabla yake sivyo. Mihogo, viazi vikuu na ndizi mbivu vitaonekana vimeruka, na havijaruka.

Kuna mwizi wa pili anayepita chini ya uzio. Bei ikipanda asilimia 7 kila mara na kizingiti ni 8, haitashtakiwa kamwe: 3,000, 3,210, 3,435, 3,675, 3,932, 4,208. Mara tano tu na imepanda asilimia 40 kimya kimya. Kwa hilo naweka ulinganisho wa pili na bei iliyokubaliwa mara saba nyuma, kizingiti asilimia 20 kwa vyakula vikavu. Mara nyingi ni bei ya kweli inayopanda, lakini mara moja ilikuwa mkusanyaji aliyehama pole pole kutoka muuzaji wa jumla kwenda rejareja.

Na asiyeruka kabisa naye simwamini. Nyanya zilizobaki 2,500 kamili kwa siku sita Mwanakwerekwe hazikuwa zimetulia, kijana alikuwa ananakili ujumbe wake wa Jumatatu. Safu moja sasa huhesabu mfululizo wa bei zisizobadilika, na kwa mboga na samaki ikifika nne huandika KAGUA. Karafuu nimeitoa humo, la sivyo ingenipigisha simu mwaka mzima.